Michoro miwili ya bustani, Uyole: upi unafaa kwa mboga?

Mama Neema
Habari zenu, ndugu zangu. Nyuma ya nyumba yangu, upande wa kusini, nina eneo la mita 10 kwa 8. Katika mchoro wa kwanza nimeweka matuta 4 yanayoanzia ukutani, yakiwa na upana wa mita 1.5 na vijia vya sentimita 30. Katika wa pili nimeacha mita 2.5 kando ya ukuta, kisha nikachora matuta 3 ya mita 1.2 yenye vijia vya sentimita 50. Matuta yote yamelala sambamba na ukuta na yana urefu wa mita 9, hivyo wa kwanza unanipa mita za mraba 54 na wa pili 32 tu. Naona uchungu kupoteza ardhi yote hiyo.

Bwana Shamba Mstaafu
Mama Neema, paa lako lina kimo gani? Likiwa mita 4, mwezi Juni jua la mchana hupita kaskazini na nyumba hulaza kivuli cha takriban mita 2.5 juu ya bustani. Katika mchoro wa kwanza, tuta la kwanza lote na nusu ya la pili vitakosa jua wakati wa baridi, na mboga zitadumaa. Mwishoni mwa Juni simika fito ya mita 1 na upime kivuli chake kinapokuwa kifupi kabisa, ambapo huku kwetu ni saa saba kasoro wala si saa sita kamili. Utapata kama sentimita 63. Zidisha kwa kimo cha paa.

Kijana wa Njombe
Michoro yote ina kosa. Matuta yaelekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lifikie kila mstari.

Bwana Shamba Mstaafu
Kwa maharage ya kupanda mitini una hoja, kijana wangu. Ila kama eneo linateremka kuelekea kusini, vijia hivyo vitageuka mifereji mvua za Januari zikianza.

Dada wa Mafinga
Mimi nilichimba matuta ya mita 1.5. Mkono haukufika katikati, nikawa nakanyaga tuta kila nikipalilia, na karoti za pale nilipokanyaga zilitoka fupi, zenye vidole viwili vitatu. Kijia cha sentimita 30 nacho hakipitishi ndoo mbili za maji bila kugonga majani.

Baba Tumaini
Kwa maua ya kivulini, mchoro wa kwanza ni mzuri sana.

Mama Neema
Asante, Baba Tumaini, lakini mimi napanda mboga. Paa ni mita 4 kweli, na eneo linateremka kusini. Nachukua wa pili; kando ya ukuta patapita toroli na patakaa samadi. Kwa kuwa Desemba jua huhamia kusini, nafikiria kupanda figiri hapo wakati wa mvua. Je, maji ya paa hayataupiga udongo?

Dada wa Mafinga
Yataupiga, dada, kama hujafunga mfereji wa bati. Una mfereji?