Mvua ya siku tatu juu ya yurea: nirudie, nipeleke maabara au nipime mwenyewe?

Kichanga_Chanika
Wakuu, poleni na masika. Nina nusu eka ya mahindi ya kuchoma huku Chanika, udongo kichanga kitupu. Siku 9 zilizopita niliweka mbolea ya kukuzia, yurea, kisoda kimoja kila shina. Siku ya nne mvua ikaanza, ikapiga siku tatu bila kupumzika. Kopo nililolitega uani lilikusanya milimita 110. Mahindi sasa yananifika magotini.

Naona njia tatu. Jirani anarudia kisoda kizima. Rafiki yangu anasema nipeleke udongo maabara Morogoro. Mimi nimenunua vijiti vya kupimia nitrati, vile wanavyotumia wafuga samaki, nikapima mwenyewe: kimesoma 50. Nimesikia kiwango cha kutosha kwa mahindi ya umri huu ni 25. Basi nimeshavuka, au?

MzeeWaTuta
Kijana, usidanganywe na kijiti. Kichanga kikishalowa, kila milimita 25 za mvua zinashusha nitrati karibu sentimita 30. Piga hesabu ya 110. Mbolea yako imezama zaidi ya mita moja sasa hivi. Rudia kisoda, uendelee na maisha. Mimi ndivyo ninavyofanya kila masika.

Dada_Bomba
Shikamoo Mzee. Hesabu ya mvua umeipatia, ila umeihesabu kana kwamba yurea yote ilikuwa imeshageuka nitrati siku ya nne. Bado. Inageuka kwanza amonia, na hiyo inashikwa na udongo hata kama ni kichanga, japo kidogo kuliko mfinyanzi. Nitrati inakuja baadaye, na kwa joto letu huchukua wiki moja hadi mbili kugeuka sehemu kubwa. Mvua ingepiga usiku uleule wa kuweka, hapo yurea yenyewe ingeshuka na maji. Siku ya nne ni katikati: kuna iliyokwenda, kuna iliyobaki, na ile ya amonia kijiti hakiioni.

Kaka Kichanga, 50 yako siyo ile 25 unayoisikia. Kijiti kinasoma nitrati nzima ndani ya maji, ile 25 ni naitrojeni peke yake, miligramu kwa kilo ya udongo. Ulipimaje? Udongo kiasi gani, maji kiasi gani, na maji yenyewe ya wapi?

Kichanga_Chanika
Maji mililita 30 kwenye chupa yenye alama, nikatia udongo mpaka maji yakapanda hadi 40. Nikatikisa, nikasubiri yatulie, nikachovya, nikasoma baada ya dakika moja. Maji ya kisima changu hapa nyumbani.

Mama_Figiri
Samahani kuingilia. Hivyo vijiti vinaweza kupima na maji ya kisima ya kunywa? Sisi Mbagala kisima kiko jirani na choo cha shimo, nina mjukuu wa miezi minne. Huwa nachemsha.

Dada_Bomba
Mama, vinaweza, chovya moja kwa moja. Kikisoma zaidi ya 50 usimchanganyie mtoto maziwa kwa maji hayo, na kuchemsha hakuondoi nitrati, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua. Tafuta maji mengine kwa ajili yake.

Na umemsaidia kaka bila kujua. Kichanga, chovya kijiti kwenye maji ya kisima matupu.

Kichanga_Chanika
Dah. 25.

Dada_Bomba
Basi nusu ya namba yako ilitoka kisimani. Nunua maji ya betri, yale ya kuongezea, siyo asidi. Kwa kichanga yanatosha kwa sababu udongo unatulia haraka. Wa mfinyanzi maji yatabaki na tope, yeye atatafuta kloridi ya kalsiamu au achuje kwa karatasi ya kahawa.

Chukua udongo upya sehemu 15 mpaka 20, kwanza sentimita 0 hadi 30, halafu 30 hadi 60, kwenye ndoo mbili tofauti. Bomba la plastiki la inchi moja lililokatwa mdomo kwa mshazari linazama vizuri kwenye kichanga chenye unyevu. Kwa vipimo ulivyotumia na udongo ukiwa na unyevu, gawa namba ya kijiti kwa 2.3 upate naitrojeni.

Kuhusu maabara: majibu yake ni sahihi kuliko kijiti, sibishi. Lakini udongo mbichi ukikaa siku mbili ndani ya mfuko wa plastiki kwenye basi lenye joto, vijidudu vinaendelea kutengeneza nitrati na unapokewa ukiwa na namba isiyo ya shambani. Uanike siku hiyohiyo kwa tabaka jembamba, au uweke kwenye barafu.

MzeeWaTuta
Na kisoda je? Mbolea iko shina kwa shina. Bomba likitua kwenye kisoda linasoma mia, likikosa linasoma kumi. Hiyo wastani ni ya nini?

Dada_Bomba
Hapo Mzee umenibana. Mimi huchukua udongo sehemu nyingine umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye shina, na sehemu nyingine katikati ya mistari, nikiepuka tundu lenyewe. Wengine huchanganya vyote. Sijaona njia ya kisoda inayonitosheleza, ndiyo maana nasema sehemu 20 na siyo tano.

Kichanga_Chanika
Majibu kwa maji ya betri: juu kijiti kimekaa kati ya 10 na 25, nimekiita 20. Chini 50.

Dada_Bomba
Juu karibu 9, chini karibu 22. Mzee, ona, imeshuka kweli lakini haijafika mita moja yote. Mahindi ya magotini kwenye kichanga yana mizizi inayofika huko, kwa hiyo hayana njaa leo. Usiweke kitu. Subiri siku sita upime tena juu. Ikipanda bila kuongeza mbolea, ile amonia ilikuwa bado. Isipopanda, ongeza.



Kichanga_Chanika
Siku ya sita. Manyunyu tu wiki nzima. Juu imekuwa 25 kamili, siyo zaidi.

Dada_Bomba
11 hivi. Imepanda kidogo tu, basi kilichobaki cha amonia ni kidogo. Pungufu kwenye 25 ni 14. Zidisha kwa 4 upate kilo kwa hekta, ni 56, kwa nusu eka yako ni kama kilo 11 za naitrojeni, yaani yurea kilo 24. Kwa sababu kuna akiba chini na masika haijaisha, weka nusu, kilo 12. Kama una mashina elfu tisa hivi, ni gramu moja na kidogo kwa shina: robo ya kisoda. Fukia. Kurudia kisoda kizima kungekula zaidi ya kilo 40.

MzeeWaTuta
Mimi nilirudia kizima, na jani langu limeiva kijani kuliko lako Kichanga, pita uone.

Dada_Bomba
Naamini. Ila jani haliwezi kukuonyesha kilichozidi, na likiwa njano kwenye udongo uliotuama maji huenda ni mizizi imekosa hewa. Nikipita huko na bomba utaniruhusu nichimbe sentimita 60?

MzeeWaTuta
Njoo Jumamosi, kama mvua itakupa barabara.