Tupeane uzoefu: biashara isiyoyumba dola ikipanda, Kigoma na Tabora

Kibirizi Mjini: Wakuu habari zenu. Nilikuwa nauza vipuri vya pikipiki. Mwaka 2024, shilingi ilipokuwa inashuka mpaka dola moja ikapita 2,700, hela niliyouzia boksi la matairi ilikuwa hainunui tena boksi kama lile. Duka nimelifunga. Nataka kitu ambacho gharama zake ziko hapahapa, na nafikiria sabuni ya mawese. Waliowahi kupika waje.

Mjomba wa Mwandiga: Hujakosea. Mawese ya kwetu, kuni za kwetu, vibarua vijana wa kwetu. Dola ipande hata ifike elfu tano, wewe inakuhusu nini?

Mama Sabuni Ujiji: Shikamoo mjomba. Kostiki ya kugandishia sabuni je? Hiyo haichimbwi Uvinza kama chumvi, inatoka nje. Ila siyo hiyo inayoniumiza. Nawawekea daftari langu, pishi la dumu moja la lita 20: mawese 70,000, kostiki kilo mbili na nusu 12,500, kuni 3,000, kibarua 5,000. Jumla 90,500. Kostiki ikipanda kwa asilimia 20 naongeza 2,500, hata asilimia tatu ya gharama yote haifiki. Naimudu.

Kinachonitesa ni hayohayo mawese ya kwetu. Nchi inaagiza mafuta mengi ya kula, na mengi ni ya mawese kutoka Malesia na Indonesia. Dola ikipanda, mafuta ya dukani yanapanda, wenye Fuso wanakuja kugombania madumu yetu, na mkamuaji wa Simbo anajua bei ya mjini kabla sijamaliza kumsalimia. Mti uko Kigoma lakini bei yake inafuata meli. Ongeza asilimia 20 kwenye yale 70,000 uone: 14,000 kwa pishi moja. Sabuni ya viwandani nayo hupanda, ila huchelewa, na hapo katikati mteja wangu hataki kusikia bei mpya.

Mjomba wa Mwandiga: Marahaba mwanangu. Si ununue kostiki na mawese mengi mapema uweke?

Mama Sabuni Ujiji: Mawese naweka, mradi yamechemshwa yakakauka maji. Nikichota kidogo nikaweka kwenye kikaango yakatatarika, siyachukui, maana yatachacha. Kostiki ndiyo mtihani. Mfuko ukiingia hewa inavuta unyevu, inashikana mabonge, uzito unaongezeka lakini nguvu inapungua. Unapima kilo zilezile, sabuni inatoka laini na haigandi vizuri. Naiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza. Sufuria ya alumini usithubutu, inaliwa.

Dogo Gungu: Kwa hiyo jibu ni kununua dola tuweke ndani?

Kibirizi Mjini: Dogo, nauliza biashara. Halafu mwisho wa 2024 huohuo dola ilirudi mpaka kwenye 2,400. Aliyenunua kwa 2,700 muulize.

Mnyamwezi Sikonge: Mimi ni asali. Mzinga wangu wa gome la mti, nyuki hawaniletei ankara. Nje naguswa sehemu mbili tu, ndoo na mafuta ya gari la kuleta mzigo Tabora mjini. Ewura ikitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, mwenye gari ananipigia jioni ileile. Ndoo ya lita 20 ya asali ina kama kilo 28, kwa hiyo nauli ikigawanywa kwa kilo haiumi sana ukisubiri mzigo ujae gari. Ukienda na ndoo tatu, imekula kwako. Jirani yangu wa tumbaku ananicheka, anasema yake bei inapangwa kwa dola. Sawa, lakini na mbolea yake je? Hatujawahi kumaliza ubishi huo.

Mama Sabuni Ujiji: Huyo wa asali yuko salama kunizidi kwa sababu malighafi hanunui. Kigoma hapa aliye salama ni mwenye michikichi yake. Gharama zake ni kupalilia, kukata mikungu na kukamua, na makapi anachochea moto. Mawese yakipanda yeye ndiyo anapata.

Mjomba wa Mwandiga: Basi apande michikichi ya kisasa ya tenera, mbegu zipo Tari Kihinga. Miaka mitatu inaanza kuzaa, siyo kama hii mirefu ya babu zetu yenye kokwa kubwa na nyama kiduchu.

Kibirizi Mjini: Miaka mitatu watoto wanakula nini mjomba? Vipi nikikodi shamba linalozaa tayari?

Mama Sabuni Ujiji: Wapo wanaokodi. Lipa msimu mzima kwa mkupuo na mwandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, idadi ya miti iandikwe. Nimeona mwenye shamba akiona mawese yamepanda anatuma wanawe kukata usiku. Na kabla hujalipa, tembea shambani uangalie juu: kama mikungu michanga haipo, unakodi kivuli.

Dogo Gungu: Mwenye kujua bei ya kukodi Kasulu aweke hapa.