Baba ameliachia kanisa ekari nne kati ya tano: watoto tuna haki gani?

MwanaWaKati: Wanajukwaa, naomba ushauri. Baba yetu, mkulima wa Nyeri, alifariki mwaka jana akaacha wosia unaoliachia kanisa lake ekari nne, na mama ekari moja yenye nyumba. Sisi watoto watatu hatukutajwa. Dada yangu ni mwalimu na alinunuliwa ploti na baba. Mimi nina mshahara. Mdogo wetu anategemea kahawa na ng'ombe wawili wa shamba hilo hilo. Mashahidi walikuwa wawili, mmoja wao mchungaji. Tangazo la mirathi limetoka katika Gazeti Rasmi wiki mbili zilizopita. Je, wosia huu utavunjwa?

Karani_Mstaafu: Mchungaji ameshuhudia zawadi ya kanisa lake mwenyewe, kwa hiyo wosia wote ni batili.

BintiWaKisauni: Poleni sana. Wasia hauvuki theluthi moja ya mali, labda warithi wenyewe waridhie. Nendeni kwa Kadhi.

Wakili_wa_Mashinani: Dada, theluthi ni sheria ya Waislamu, na marehemu huyu alikuwa Mkristo. Naye Mzee Karani amekaribia tu: kifungu cha 13 cha Sheria ya Urithi huiangusha zawadi aliyoachiwa shahidi au mwenzi wake pasipo mashahidi wengine wawili huru, lakini wosia wenyewe husimama, na hapa aliyepewa ni kanisa, si mchungaji. Sahihi yake ni sababu ya kuuliza nani alimpeleka mzee kwa wakili na nani alitoa maelekezo, ingawa anayedai shinikizo ndiye atakayelithibitisha.

Njia yenu imara zaidi ni kifungu cha 26, ambacho hakihitaji kuuvunja wosia. Mahakama inaweza kumtengea mtegemezi fungu la kutosha, na mtoto wa marehemu huhesabiwa mtegemezi hata akiwa mtu mzima. Ila haigawi sawasawa: hupima kipato cha kila mmoja, alichopewa na marehemu akiwa hai, na sababu za kumwacha nje. Kwa kipimo hicho mdogo wenu ana hoja nzito, nawe na dada yako mna hoja nyepesi. Ombi hilo halipokelewi baada ya hati ya usimamizi kuthibitishwa, na pingamizi dhidi ya hati kutolewa lina muda uliotajwa katika tangazo, kwa kawaida siku 30. Mmebakiwa na takriban siku 16.

Mjukuu_wa_Kieni: Nyanya yangu aliikabidhi zahanati ya misheni nusu ekari na kuhamisha hati miliki akiwa hai. Alipofariki hapakuwa na kesi, ingawa shangazi zangu wawili hawakanyagi zahanati hiyo mpaka leo.

MwanaWaKati: Asanteni. Mama hataki kabisa kushtakiana na kanisa.

Wakili_wa_Mashinani: Mdogo wako anaweza kuomba kwa jina lake mwenyewe. Lakini muulize mama jambo moja: shamba lilinunuliwa kabla ya ndoa au baadaye, na nani alilipa? Baba hakuweza kuusia sehemu iliyokuwa ya mama.

MwanaWaKati: Walilinunua pamoja kwa pesa za kahawa, mama akichuma. Hati ina jina la baba peke yake.