Mrejesho: ile skrinshoti ya ubao wa kikao

Niliuliza: "Nina skrinshoti ya ubao wa kikao, imejaa mishale na vitu vilivyokatwa. Nianzie wapi kupata orodha ya kazi kwa mpangilio?"

Wadau, nimemaliza, asanteni sana. Ubao ulikuwa wa maandalizi ya kufungua duka letu la mikate. Nilifuata ushauri wa kunakili kwanza kila neno jinsi lilivyo, hata yaliyokatwa, bila kupanga chochote. Nilipata mambo 11.

Yaliyokatwa ndiyo yaliyonitoa jasho. "Oveni" ilikuwa imekatwa, nikadhani imeshanunuliwa. Lakini mshale ulitoka hapo kwenda "fundi umeme", na huyo fundi hakukatwa. Nikampigia dada aliyeshika kalamu siku ile. Kumbe oveni ya umeme ilifutwa, tunachukua ya gesi! Kwa hiyo fundi amebaki na kazi ya taa na soketi tu, na imeongezeka kazi mpya ambayo ubaoni haipo: bomba la gesi. Ningeifuta ile oveni kimyakimya, tungekwama.

Mishale nayo niliisoma kama "hiki kabla ya kile". Kazi isiyoingiwa na mshale wowote ikapanda juu. Zilipolingana, niliangalia ipi inachukua siku nyingi. Leseni ikawa ya kwanza, kisha bomba, halafu umeme, ndipo rangi, maana fundi atachimba ukuta. Mshale mmoja ulikuwa na ncha mbili, kati ya "bei" na "bango". Huo nimeuwekea alama ya kuuliza hadi kikao cha Jumatatu.