Mrejesho: nyuso za chungwa, picha za machweo Hombolo

Niliuliza: "Nimempiga dada na mchumba wake picha bwawani Hombolo jua likizama. Nyuso zimekuwa za chungwa kama wamepakwa bizari. Nikishusha Temp kwenye Lightroom, machweo yanakufa. Nifanyeje?"

Wakuu, asanteni sana, dada kashachagua za kusafisha.

Nilirudisha Temp ya picha nzima ilivyokuwa, nikafungua Masking, nikachagua watu, kisha Face Skin na Body Skin pekee. Shingo na mikono msiisahau. Mara ya kwanza niligusa uso tu, kichwa kikaonekana kimebandikwa.

Humo nilianza na Temp -40. Wakawa kama wamejipaka majivu, huku nywele zao zinang'aa dhahabu! Nikarudi hadi -18, Saturation -12, Exposure +0.25. Hiyo ya kuongeza mwanga kidogo sikuitegemea, ila ndiyo iliyosaidia zaidi: chungwa lilikuwa zito kwa sababu nyuso zilikuwa na giza. Upande wa jua nikauacha na joto lake.

Ushauri wa kupunguza Orange kwa picha nzima haukunifaa. Udongo wa huku na nyasi kavu ni rangi hiyohiyo, vyote vikapauka.

Picha mbili zimeshindikana. Zilikuwa JPEG za simu, na shavu lilishaungua kwenye rangi nyekundu; nikipunguza, linabaki doa la kijivu. Hizo nimezifanya nyeusi na nyeupe. Za RAW zote zimekubali.