Kijana wa kibanda amenipotezea wateja: nilitaka kubadilisha namba, yeye akafuta WhatsApp nzima

Mama Sambaza, Kadutu

Nina hasira, na ninaandika hapa kwa sababu aliyenikosea hataki hata kunisikiliza.

Nauza samaki wadogo wa sambaza soko la Kadutu, hapa Bukavu. Wateja wangu wa Uvira na Walungu wananiagiza usiku kwa WhatsApp, asubuhi napima na kupakia. Jumatatu nilimpelekea fundi wa kibandani simu yangu. Nikamwambia: laini ya zamani haishiki mtandao nyumbani, nimenunua nyingine, niwekee namba mpya, lakini kila kitu kibaki. Akatoa kadi, akafuta WhatsApp, akaipakua tena, akaandika namba mpya. "Mama, iko tayari." Nikamlipa franka 2000.

Kufungua, tupu. Grupu la wateja halipo, maongezi hayapo, madeni niliyokuwa naandikiwa humo hayapo. Jana mteja mmoja akanionyesha simu yake: "Mama, beseni 3 za Ijumaa." Aliituma Jumanne, na pembeni yake tiki moja tu. Alidhani nimemdharau, akanunua kwa mwingine. Nilipomrudia yule kijana akasema ndivyo anavyowafanyia watu wote. Kwa hiyo anawaharibia wote?

Kijana wa Panzi

Pole mama. Usilie, ingiza tu akaunti yako ya Google kwa hiyo namba mpya, mesaji zote zitarudi zenyewe.

Papa wa Nguba

Hapana mdogo wangu, hapo utampoteza. Akiba ya mesaji iliyoko Google inafuata namba iliyoiweka. Akiingia na namba mpya, haitaonekana. Na hata ikirudi, inarudisha mesaji. Kwenye grupu bado yuko kwa namba ya zamani.

Mama, kosa ni kufuta. Kuna mahali pa kazi hiyo: Paramètres, halafu Compte, halafu Changer de numéro. Unaandika namba ya zamani juu na mpya chini, zote kwa +243 bila ile sifuri ya mbele. Kodi ya kuthibitisha inakuja kwenye namba mpya. Maongezi yanabaki, magrupu yanabaki, na wenzako wa grupu wanaona kwamba umebadilisha namba. Wale wengine unachagua mwenyewe nani ajulishwe. Lakini inafanyika tu kama WhatsApp ya simu hiyo bado imesimama kwa namba ya zamani. Ile kadi unayo bado?

Mama Sambaza, Kadutu

Ninayo, Papa. Niliifunga kwenye kitambaa, pesa zangu bado ziko kwenye laini hiyo.

Papa wa Nguba

Mungu asifiwe. Usiitupe wala usiiache ikae bila kutumika, kampuni ikiikata inaweza kumpa mtu mwingine, naye akifungua WhatsApp anaweza kujikuta kwenye grupu lako.

Fanya hivi. Kwanza andika kwenye daftari oda zote zilizokuja kwa namba mpya wiki hii. Weka kadi ya zamani kwenye simu yoyote, hata kitochi, ipokee mesaji. Kisha futa WhatsApp, iweke tena, andika namba ya ZAMANI. Kodi ya tarakimu 6 itaingia kwenye kitochi. Ikikuuliza kama urudishe akiba, kubali hapo hapo. Ukiruka, baadaye haikuulizi tena. Ukishaona grupu lako, ndipo uende Changer de numéro.

Jirani wa Ruzizi

Mimi pia WhatsApp iliniharibia! Nilihamia namba ya Rwanda kwa ajili ya kazi Kamembe, majina ya watu wote wa Bukavu yakapotea, nikabaki na namba tupu. Hivyo namimi nifute?

Papa wa Nguba

Wewe usifute chochote, hilo ni jambo lingine. Uliwahifadhi kwa 09 na 08. Ukiwa na namba ya Rwanda, WhatsApp inazisoma kama namba za Rwanda. Toa ile sifuri, weka +243, majina yatarudi.

Mama Sambaza, Kadutu

Nimejaribu, Papa. Kodi imekuja kwenye kitochi, nikaiandika vizuri. Sasa inaniuliza tarakimu 6 nyingine, PIN. Mwanangu ndiye aliniwekea zamani, na yeye hakumbuki. Imeili hatukuweka.

Papa wa Nguba

Usiikisie hiyo PIN, isije ikawa kisa kingine. Bila imeili ni kungoja siku 7, ndipo itakuruhusu kuiondoa hiyo PIN. Kodi yoyote ikija, usimpe mtu, hata huyo fundi.

Mama Sambaza, Kadutu

Siku 7 na sambaza haingoji! Nawapigia wateja mmoja mmoja kwa namba nilizonazo kwenye daftari, nimefikia 11. Wale wa Walungu sina namba zao mahali pengine popote. Kama kuna mwenye duka huko aliyekuwa akichukua kwangu, anipigie kwa laini ya zamani, kitochi kiko wazi mchana kutwa. Na huyo fundi nataka anirudishie franka zangu 2000.

Kijana wa Panzi

Mama, mimi kesho ninapita Kadutu. Nitaenda na wewe kwake.