Akaunti iliyolala tangu 2012: barua kwa benki niiandike vipi?

Kutoka: Mwana wa Kisauni
Tarehe: 3 Machi 2025

Assalaam aleikum, ndugu zangu mlioko Doha na mliokwisha rudi.

Nimerejea Mombasa mwezi wa Januari baada ya miaka kumi na miwili na ushei ya kazi Qatar. Kabla sijaondoka nilikuwa na akaunti ya akiba niliyoifungua mwaka 2007, na mara ya mwisho kuigusa kwa mkono wangu ni Juni 2012, nilipotoa nauli nikaacha shilingi 64,300. Jana nilikwenda tawini. Karani wa dirishani akatazama kompyuta, akaniambia akaunti imelala, niandike barua kwa meneja, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Barua niliyoiandaa ni hii:

"Kwa Meneja wa Tawi. Mimi mwenye akaunti iliyotajwa hapo juu nimerudi kutoka ughaibuni na naomba akaunti yangu ifufuliwe na nirejeshewe fedha zangu zote haraka iwezekanavyo. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho na pini ya KRA."

Je, inatosha? Niongeze kwamba Novemba 2020 dada yangu aliweka shilingi 500 kupitia wakala, kwa kujaribu tu, na zikapokewa.

Kutoka: Fundi wa Al Khor
Tarehe: 3 Machi 2025

Ndugu yangu, usijisumbue na barua ndefu. Nenda na kitambulisho chako halisi, weka shilingi mia moja dirishani, na akaunti itaamka papo hapo. Yangu ilikuwa imelala miezi kumi na minne, na ndivyo nilivyofanya nilipokuja likizo.

Kutoka: Baba Zuhura, Riyadh
Tarehe: 4 Machi 2025

Mimi pia yalinikuta hayo hayo. Laini yangu ya Kenya ilikaa bila kutumiwa hadi ikafungwa, na nambari akapewa mtu mwingine, nami nilikuwa na pesa kwenye M-Pesa. Ilinibidi niende dukani na kitambulisho na kutaja watu niliowatumia pesa mara ya mwisho. Kwa hiyo nakushauri uanze na laini kabla ya kitu kingine chochote.

Kutoka: Karani Mstaafu
Tarehe: 4 Machi 2025

Baba Zuhura, kwa heshima zote, aliyeuliza hakuulizia laini. Na wewe Fundi, miezi kumi na minne si miaka kumi na miwili. Nimekaa nyuma ya dirisha hilo miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa utaratibu.

Akaunti inaweza kuwa katika hali mbili ambazo karani wa dirishani huziita kwa jina moja. Ya kwanza ni kulala kwa kawaida: fedha zingali benki, ila mfumo umezuia kutoa mpaka mwenyewe ajitokeze na kuthibitishwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya Fundi, na kilichoiamsha ni kitambulisho chake, wala si ile shilingi mia moja. Ya pili ni ya sheria ya mwaka 2011 ya mali za kifedha zisizodaiwa. Miaka mitano ikipita pasina mwenyewe kufanya lolote, benki huhesabu akaunti zote za namna hiyo kufikia tarehe 30 Juni, na kufikia tarehe mosi Novemba ya mwaka ule ule inatakiwa iwe imezikabidhi fedha kwa UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza mali hizo mpaka mwenyewe azidai. Zikishakabidhiwa, meneja wa tawi hana cha kukurudishia hata umwandikie barua kumi.

Sasa hesabu, mwanangu. Juni 2012 ukiongeza miaka mitano ni Juni 2017. Kwa hiyo huenda shilingi zako zilitoka benki kabla ya Novemba 2017, na zile 500 za dada yako zikaingia katika akaunti tupu.

Barua yako ina kasoro moja kubwa: inadai fedha kabla ya kujua ziko wapi, na meneja atakujibu kwa mstari mmoja kwamba salio halipo. Andika barua yenye maombi yanayofuatana. Omba kwanza uandikiwe hali ya akaunti. Kisha taarifa yote ya akaunti kuanzia Juni 2012 hadi leo, ili uone ada zilizokatwa. Kisha, ikiwa fedha zilikabidhiwa UFAA, ujulishwe tarehe, kiasi, na jina kama lilivyoandikwa katika orodha. Ombi la kuiamsha akaunti liwe la mwisho, na usiliache, kwa sababu UFAA watakapokulipa watakulipa kwenye akaunti ya benki yenye jina lako.

Weka saini mbili: ya sasa, na chini yake ile uliyoiweka mwaka 2007. Nimeona barua nyingi zikirudishwa kwa sababu kijana alifungua akaunti kwa saini yenye mkia mrefu, akarudi mtu mzima anayetia herufi mbili. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kutoka: Dada wa Kinondoni
Tarehe: 5 Machi 2025

Samahani, lakini nijuavyo mimi ni miaka 15, na fedha huenda Benki Kuu. Mjomba wangu aliambiwa hivyo hapa Dar es Salaam.

Kutoka: Karani Mstaafu
Tarehe: 5 Machi 2025

Mjomba wako aliambiwa kweli, kwa sababu yuko Tanzania. Kisauni iko Kenya.

Kutoka: Fundi wa Al Khor
Tarehe: 5 Machi 2025

Nakubali nilikosea kuhusu shilingi mia. Hata hivyo, zile 500 za dada mbona zisihesabiwe kuwa ni dalili ya uhai? Tukihesabu kutoka Novemba 2020, miaka mitano haijatimia.

Kutoka: Karani Mstaafu
Tarehe: 6 Machi 2025

Kwa sababu sheria inamtazama mwenye mali, na aliyeweka si yeye. Nakiri kwamba ikiwa wakala aliandika jina la mwenye akaunti kama mwekaji, ubishi upo. Lakini kama benki ilikabidhi 2017, ubishi wa 2020 hauna kazi.

Kutoka: Mwana wa Kisauni
Tarehe: 19 Machi 2025

Nawashukuru nyote, hasa Bi. Karani. Barua niliipeleka kwa mpangilio ulioniandikia, na saini zote mbili zilikubaliwa baada ya karani kuleta kadi yangu ya zamani, imekuwa ya manjano, na picha yangu nikiwa na nywele. Taarifa ya akaunti ni kurasa mbili. Ada za mwezi zinashuka moja baada ya nyingine mpaka Oktoba 2017, ambapo mstari mmoja unatoa shilingi 58,740 zote kwa mkupuo. Kisha hakuna kitu hadi zile 500 za Novemba 2020. Akaunti wameiamsha, na ndani yake mna hizo 500.

Niliporudi nyumbani nilipiga *361# ya UFAA na kuingiza nambari ya kitambulisho, nikajibiwa kwamba hakuna mali iliyopatikana. Benki hawajanijibu kuhusu jina lililoandikwa katika orodha. Kwenye kadi ya 2007 nimeandikwa Muhamad, kitambulisho kinasema Mohamed, na pasipoti inasema Mohammed. Je, kuna aliyewahi kudai UFAA kwa jina lililoandikwa tofauti, na alitakiwa kuapa hati ya kiapo au barua ya benki ilitosha?

Kutoka: Baba Zuhura, Riyadh
Tarehe: 20 Machi 2025

Na laini yako uliipata?